Sakafu Ndiyo Rula: Vigae, Grauti na Mistari Inayokimbilia Mbali katika Renda za Ndani

Mteja mmoja aliitazama renda ya sebule yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akauliza, "Huu ni ukumbi wa mikutano?"

Kuta zilikuwa sahihi, nilizipima mwenyewe: upana mita 4.2, urefu mita 5.4. Kochi lilikuwa la mita mbili na ushee, kama lilivyo dukani. Kosa lilikuwa sakafuni. Nilikuwa nimechukua picha yenye vigae kumi na sita, vinne kwa vinne, nikaitandaza kana kwamba picha nzima inafunika mita moja ya mraba. Kila kigae kikatoka na sentimita 25, na yeye alikuwa amenunua vya sentimita 60. Jicho lake halikupima ukuta wala kochi. Lilihesabu vigae, likapata karibu kumi na saba kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa mtu aliyezoea vigae vikubwa hiyo ni hesabu ya ukumbi.

Sakafu ya vigae ni rula iliyolazwa chini ya chumba kizima, na mtazamaji huisoma bila kujua kwamba anaisoma. Ndani ya programu, ukubwa wa kigae, unene wa mstari wa grauti na jinsi mistari inavyosogeleana kwa mbali huwekwa sehemu tatu tofauti, mbili kwenye uso wa sakafu na moja kwenye kamera. Kwenye picha ni jambo moja, na ukikosea moja utajikuta unaharibu mengine mawili ili kulificha. Nitakichukua chumba kilekile cha mita 4.2 kwa 5.4, safari hii kwa vigae vyake halisi vya sentimita 60 na grauti ya milimita 3, nikifuate kuanzia vipimo hadi pikseli. Ninatumia Blender, lakini hesabu ya kamera ni ileile katika programu yoyote.

Kipimo si kigae peke yake

Fundi akilaza vigae vya milimita 600 kwa spesa za milimita 3, mwanzo wa kigae kimoja hadi mwanzo wa kinachofuata ni milimita 603. Hicho ndicho kipimo kinachojirudia, na ndicho programu inachokitaka. Tofauti ya milimita tatu ni ndogo, lakini katika safu ya vigae tisa inafika karibu sentimita tatu, na hizo utaziona pale kigae cha mwisho kinapogusa ukuta.

Katika nodi ya Brick Texture, thamani zinakuwa hizi:

```
Texture Coordinate: Object
Scale:         1.0
Brick Width:   0.603
Row Height:    0.603
Offset:        0.0
Mortar Size:   0.0015
Mortar Smooth: 0.0
```

Mstari wa Mortar Size ndio unaowaponza wengi. Nodi hii hupima grauti kutoka ukingo wa kila kisanduku kuelekea ndani. Kigae cha kushoto huchangia kipande chake, cha kulia huchangia chake, na mstari unaouona ni jumla ya vipande hivyo viwili. Kwa hiyo milimita 3 za grauti huandikwa 0.0015. Ukiandika 0.003 unapata milimita 6, na hakuna kitakachokuonya. Tena kisanduku cha thamani huonyesha tarakimu tatu tu baada ya nukta, kwa hiyo 0.0015 inaweza kusomeka kama 0.002. Thamani uliyoandika bado ipo. Bofya mara mbili utaiona. Offset nayo huja ikiwa 0.5, maana nodi ilitengenezwa kwa ajili ya ukuta wa matofali. Usipoishusha hadi sifuri, kila safu ya pili itasogea nusu kigae.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye Object. Vipimo hivyo ni mita za kweli endapo tu umbo la sakafu halina ukuzaji uliobaki ndani yake. Bamba la kawaida la Blender huzaliwa na upande wa mita 2. Ukilivuta hadi 4.2 kwa 5.4 bila kufanya kingine, programu bado inaamini lina mita 2, na uvutaji unakaa pembeni kama 2.1 upande mmoja na 2.7 upande wa pili. Kigae chako cha 0.603 kitatoka na mita 1.27 kwa 1.63, na grauti zake zitatofautiana unene kwa uwiano huohuo. Ukiona vigae vya mraba vimekuwa vya mstatili na mistari ya upande mmoja ni minene kuliko ya upande wa pili, usihangaike na nodi. Bonyeza Ctrl+A, chagua Scale, mambo yatajinyoosha.

Mahali pa kuanzia

Fundi haanzi kulaza kona moja na kuomba Mungu kona ya pili iangukie vizuri. Hupiga mstari katikati ya chumba, akajiuliza swali moja: katikati ikae grauti au kikae kigae? Lengo ni vipande vya pembeni viwe vikubwa na vilingane pande zote mbili.

Kwenye upana wa mita 4.2, grauti ikikaa katikati, kila upande unapata vigae vitatu vizima na kipande cha milimita 289 hivi, chini ya nusu ya kigae. Kigae kikikaa katikati, kinashika milimita 300 kila upande wa mstari, vinafuata viwili vizima pande zote, na kinachobaki hadi ukuta ni milimita 591, kigae kisichopungua sana. Kwa urefu wa mita 5.4 jibu ni lilelile: kigae katikati, vitatu vizima kila upande, na kipande cha 588 mwishoni. Sebule hii ina safu saba kwa tisa, na hakuna kipande chembamba popote.

Kitovu cha umbo la sakafu kikiwa katikati ya chumba, Brick Texture huweka makutano ya grauti hapohapo kwenye kitovu. Ili kigae ndicho kikae katikati, weka nodi ya Mapping kabla yake na uandike 0.3015 kwenye Location X na Y, yaani nusu ya kipimo kinachojirudia. Nimeona renda nyingi nzuri zenye kamba ya vigae vya sentimita tano ikipita chini ya dirisha kubwa, kwa sababu mtayarishaji aliiacha ruwaza ianzie ilipotaka yenyewe. Fundi yeyote akiiona atajua hakuna aliyewahi kulaza sakafu ile.

Upande mmoja hupungua, upande wa pili huporomoka

Sasa kamera. Nimeiweka mita 1.2 kutoka sakafuni, imelala sawasawa bila kuinama, mita moja nyuma ya ukuta wa nyuma ambao nimeuficha. Lenzi ni milimita 24 kwenye kihisi cha milimita 36, na picha ni pikseli 1920 kwa 1080. Kutoka hapo hesabu nzima inasimama juu ya namba moja, urefu wa lenzi ukiugeuza kuwa pikseli:

```
F = 24 / 36 * 1920 = 1280
y = F * h / d
w = F * t / d
```

Hapa h ni kimo cha kamera, d ni umbali kutoka kwenye kamera, na t ni upana wa kitu. y ni pikseli ngapi chini ya mstari wa upeo mstari wa sakafu utaonekana, na w ni upana wa kitu hicho kwenye picha. Kamera iliyolala sawa huweka upeo katikati kabisa ya picha, kwa hiyo kuna pikseli 540 chini yake, na sakafu inaanza kuonekana kwenye umbali wa mita 2.84. Ukuta wa mbele uko mita 6.4, na mguu wake unaangukia pikseli 240 chini ya upeo. Sakafu yote inayoonekana ni mkanda wa pikseli 300 tu.

Chukua kigae kimoja kilicho mita 3 kutoka kwenye kamera. Ukingo wake wa mbele una pikseli 256, na kina chake kwenye picha ni pikseli 85. Kigae kilekile kikiwa mita 6 kinakuwa na upana wa pikseli 128, nusu kamili. Kina chake kingekuwa nusu pia tungebaki na 43, lakini ni 23 tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, upana hugawanywa kwa mbili, na kina hugawanywa kwa karibu nne. Upande mmoja unapungua, wa pili unaporomoka.

Hilo linaihusu grauti zaidi ya kitu kingine chochote chumbani, kwa sababu grauti ni nyembamba tangu mwanzo. Mstari wa milimita 3 unaokwenda mbali na kamera una pikseli 1.28 kwenye mita 3, na 0.64 kwenye mita 6. Mstari unaokatiza, ule unaopita kutoka kushoto kwenda kulia, una pikseli 0.51 kwenye mita 3, na 0.13 kwenye mita 6. Ni moja ya nane ya pikseli. Programu haina namna ya kuchora moja ya nane ya pikseli. Huchanganya rangi, sehemu moja grauti na sehemu saba kigae. Mstari wa kijivu iliyokolea unabaki kivuli hafifu ambacho unakihisi kuliko unavyokiona.

Picha ya kamera halisi hufanya vivyo hivyo. Simama kwenye mlango wa chumba chenye vigae vikubwa na grauti nyembamba, utazame ukuta wa mbali. Mistari inayokwenda mbali utaifuata hadi mwisho, na ile inayokatiza itakupotea njiani. Renda inayoionyesha yote kwa nguvu moja ndiyo yenye kasoro.

Kishawishi cha kunenepesha grauti

Hapa ndipo mambo huharibika. Mtu anarenda, anaona mistari ya mbali imepotea, anaamini kuna hitilafu, anapandisha grauti hadi milimita 8 ili "ionekane". Kwa mbali anapata alichotaka: mstari unaokatiza kwenye mita 6 unafika theluthi moja ya pikseli. Kwa karibu, mistari inayokwenda mbali imenenepa hadi zaidi ya pikseli 3, na sakafu imekuwa wavu.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye rula. Grauti ya milimita 3 ni moja kwa mia mbili ya kigae cha 600. Ya milimita 8 ni moja kwa sabini na tano. Jicho lililozoea grauti nyembamba huona uwiano huo na kuutafsiri kinyume: grauti ni ileile ya siku zote, basi kigae ndicho kidogo, sentimita 22 au 23 hivi. Umekwishaweka vigae sahihi vya sentimita 60, sasa grauti inavikana. Wengine hapo huvikuza vigae hadi sentimita 90 ili kurekebisha, na mkorogo unaanza upya.

Kuna njia mbili za kuipa sakafu ya mbali uhai bila kugusa unene. Ya kwanza ni mng'ao. Ukitazama sakafu kwa mbali unaitazama kwa mshazari mkali, na katika pembe hiyo kigae kilichosuguliwa huakisi dirisha na ukuta kuliko kinavyoonyesha rangi yake mwenyewe. Grauti haiakisi hivyo. Mpe kigae Roughness ya 0.15 na grauti 0.8, na mstari utaonekana kama mkato kwenye mwakisiko, hata pale ambapo tofauti ya rangi imekwisha. Pia hakuna fundi anayelaza vigae sitini na tatu vikawa bapa kama kioo kimoja. Kila kimoja kiinamishe kidogo sana, sehemu moja hadi mbili za kumi za digrii, kila kimoja upande wake. Mwakisiko wa dirisha utavunjika kutoka kigae hadi kigae, na mtazamaji ataona mipaka ya vigae bila msaada wa grauti.

Ya pili ni kimo cha kamera. Uwiano wa kina kwa upana wa kigae cha mraba kwenye picha una hesabu fupi ajabu: kimo cha kamera, ugawanye kwa umbali wa ukingo wa nyuma wa kigae hicho. Kwenye kigae chetu cha kwanza ni 1.2 kwa 3.6, theluthi moja, na pikseli 85 kwa 256 zinasema hivyohivyo. Lenzi haimo kabisa. Ubadilishe lenzi mara kumi, kigae kile kitabaki kimelala vilevile. Ukitaka ruwaza ya sakafu isomeke, tuseme zigizaga au jiwe la rangi mbili, pandisha kamera. Kutoka mita 1.2 hadi 1.5, kila kigae na kila mstari unaokatiza unapata kina zaidi kwa robo nzima.

Kuna hali moja ambapo mstari kupotea ni hitilafu kweli: unapotokea na kupotea kwa vipande, au unapoleta mawimbi ya kijivu yasiyokuwepo. Hapo chanzo mara nyingi ni picha ya vigae yenye pikseli chache. Picha ya pikseli 4096 inayofunika vigae vinne kwa vinne inaipa grauti ya milimita 3 pikseli tano, na hizo zinatosha. Ya 2048 inayofunika vinane kwa vinane inaipa pikseli moja na kidogo, na mstari tayari umekatika kabla kamera haijaugusa. Kichujio cha kusafisha chembe nacho hupenda kumeza mistari myembamba. Kwenye Denoise hakikisha Passes iko kwenye Albedo and Normal, ili kichujio kijue kwamba mstari ule ni wa kweli.

Kwa chumba kimoja kama hiki, mimi huacha nodi na kuvitengeneza vigae vyenyewe. Sitini na tatu ni vichache mno kuogopwa. Tengeneza kimoja, kipe ukingo uliochongwa nusu milimita, kirudie saba kwa tisa kwa hatua ya 0.603, kata vya pembeni, na ulaze bamba la grauti milimita moja chini ya uso wao. Kivuli kidogo ndani ya mfereji hutokea chenyewe, na makosa ya mbonyeo wa kubuni, ambayo kwa mbali hugeuka chembe zinazometameta, hayana pa kuingilia.

Jiwe lina mishipa yake

Marumaru na granaiti huongeza tatizo moja ambalo kigae cha rangi moja hakina. Ukitandaza picha moja kubwa ya marumaru kisha ukachora grauti juu yake, mshipa utaanza kigae cha kwanza, utavuka mstari, na kuendelea kwenye cha pili kana kwamba grauti haipo. Mtazamaji ataona bamba moja lililochorwa mistari kwa penseli. Vigae vya jiwe vilivyochanganywa na kulazwa hukatisha mshipa kila penye kiungo.

Ikiwa vigae ni maumbo yaliyotengana, nodi ya Geometry ina tokeo la Random Per Island linalokipa kila kigae namba yake ya bahati nasibu. Zidisha namba hiyo kwa 7 kwa upande wa X na kwa 13 kwa upande wa Y, uijumlishe kwenye nafasi ya picha ya jiwe, na kila kigae kitachukua kipande chake. Ukitumia kizidishi kimoja pande zote, vipande vyote vitateleza kwenye mshazari mmoja na baada ya muda utauona mshipa uleule ukikurudia. Ukibaki kwenye Brick Texture, weka Color1 nyeusi na Color2 nyeupe na utapata namba ya aina hiyohiyo. Picha ya jiwe yenyewe iwe na ukubwa wa kweli: bamba la marumaru lililopigwa picha lina mita mbili au tatu, na kulibana lote ndani ya kigae cha sentimita 60 hugeuza mishipa kuwa nyuzi. Hapo rula inadanganya tena, safari hii kwa mishipa.

Kinachoisogeza mistari ni mahali uliposimama

Lawama ya kila siku ni kwamba lenzi pana "inavuta" chumba. Lenzi haivuti kitu. Mistari ya vigae inasogeleana kwa kadiri ya uwiano wa umbali wa karibu na wa mbali, na uwiano huo unaamuliwa na miguu ya kamera.

Katika mpangilio wetu kamera iko mita moja nje ya chumba. Kigae kilicho mita mbili ndani kiko mita 3 kutoka kwenye kamera, na mguu wa ukuta wa mbele uko mita 6.4. Kigae cha karibu kinaonekana kipana mara 2.1 kuliko cha ukutani. Sasa iingize kamera ndani, nusu mita mbele ya ukuta wa nyuma, na uweke lenzi ya milimita 16 ili chumba kienee kwenye picha. Umbali ni 1.5 na 4.9, na uwiano umepanda hadi karibu 3.3. Sebule imekuwa korido, na milimita 16 ndizo zitakazolaumiwa, ilhali kosa ni mita moja na nusu za kusogea mbele.

Ndiyo maana huwa nauficha ukuta wa nyuma, au nasogeza Clip Start ya kamera hadi ipite ukuta huo, kisha narudi nyuma. Kurudi sana nako kuna gharama yake: ukiwa mita nne nje, uwiano hushuka vizuri, ila h kwa d nayo hushuka na vigae hulala zaidi, kwa hiyo kamera itataka kupandishwa kidogo. Na ukitaka sakafu zaidi kwenye picha usiiinamishe kamera, maana kuta zitaanza kusogeleana chini. Tumia Shift Y. Upeo utapanda kwenye fremu, kuta zitabaki wima, na hesabu zote za hapo juu zitaendelea kusema kweli, mradi uhesabu kutoka kwenye upeo mpya badala ya katikati ya picha.

Kuikagua sakafu, na kuisoma ya mtu mwingine

Gawanya y kwa w na F na d zinafutana. Kinachobaki ni kimo cha kamera ukigawanye kwa upana wa kigae. Kwa maneno ya kawaida: chagua safu yoyote, pima upana wa kigae kwenye ukingo wake, kisha hesabu upana huo unaingia mara ngapi kutoka kwenye ukingo ule hadi kwenye upeo. Kwa kamera ya mita 1.2 na kigae cha sentimita 60, jibu ni mara mbili, kwenye kila safu, kwa lenzi yoyote. Kwenye mita 3 ni 512 kwa 256. Kwenye mita 6 ni 256 kwa 128. Laiti ningeijua hila hii siku ile. Kwenye renda ya "ukumbi" jibu lingekuwa karibu mara tano, na mteja asingehitaji kuuliza.

Kipimo cha pili ni mshazari. Chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kona ya kigae hadi kona yake ya pili na uuendeleze. Sakafu ikiwa sahihi, mstari huo utapita kwenye kona za vigae vinavyofuata bila kupinda. Leon Battista Alberti aliwaeleza wachoraji kipimo hiki mwaka 1435, akiwakosoa waliokuwa wakipunguza kila safu kwa theluthi ya iliyoitangulia. Safu zetu kuanzia mita 3 zina kina cha pikseli 85, 61, 46, 36 na 28. Ya pili ni asilimia 71 ya ya kwanza, ya tano ni asilimia 80 ya ya nne. Hakuna uwiano mmoja wa kudumu, na anayebandika vigae kwa mkono juu ya picha kwa kupunguza kila safu kiasi kilekile atauona mshazari wake ukipinda.

Mshazari huohuo husaidia unapopewa picha ya chumba halisi na kuombwa ubadilishe sakafu yake bila kuambiwa ilipigwa kwa lenzi gani. Picha iwe imepigwa ukuta wa mbele ukikutazama moja kwa moja, isiwe imekatwa, na vigae viwe vya mraba. Endeleza grauti zinazokwenda mbali hadi zikutane. Hapo ndipo upeo ulipo. Endeleza mshazari wa vigae hadi uguse upeo huo. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio F ya kamera iliyotumika. Ikiwa picha ina upana wa pikseli 4000 na umbali ni 2900, basi lenzi ni 2900 kwa 4000 mara 36, yaani milimita 26 kwa kihisi cha 36. Kisha hesabu upana wa kigae kimoja unaingia mara ngapi hadi kwenye upeo, uzidishe kwa ukubwa wa kigae kilichopo, na una kimo cha kamera. Ukisema kigae ni cha sentimita 40 na upana wake ukaingia mara tatu na nusu, mpiga picha aliishika kamera mita 1.4 kutoka sakafuni.

Ukubwa wa kigae kilichopo, lakini, picha haitakuambia. Huo inabidi mtu apige magoti na futi.